Ufa wa lipu na ufa wa msingi: namna ya kuandika orodha ya kuamua kama uhusiano uendelee

Fundi mzuri akiitwa kuangalia nyumba iliyopasuka hakimbilii saruji. Anachukua penseli, anaweka alama pale ufa unapoishia, anaandika tarehe pembeni, halafu anaondoka. Akirudi baada ya wiki kadhaa anaangalia kitu kimoja tu: ufa umevuka alama au umebaki palepale? Uliobaki palepale ni wa lipu, unazibwa, watu wanaendelea kuishi. Unaotembea unatoka chini, na ukiupaka rangi mara kumi utarudi mara kumi na moja.

Orodha ya kuamua kama uhusiano uendelee au uishe inatakiwa iwe penseli ya namna hiyo. Tatizo ni kwamba watu wengi huiandika saa saba usiku, kwenye simu, macho yamevimba, ugomvi haujapoa. Inatoka na vipengele ishirini vyenye uzito mmoja: hanijali, mkali, anakoroma, mama yake ananichukia, muongo. Asubuhi kumekucha, chai imenywewa, orodha inafutwa. Mwezi unaofuata inaandikwa tena, karibu neno kwa neno. Orodha ya hivyo inapima hasira ya usiku ule, basi.

Yasiyoingia kwenye orodha kabisa

Kabla ya kushika kalamu, jibu haya kwa ndiyo au hapana. Amewahi kukupiga, au kupiga watoto hadi kuumiza? Amewahi kukukaba shingo, hata mara moja, hata "kwa utani"? Amewahi kukutishia kwa kisu au panga, au kusema ukiondoka atakuua au atajiua? Anakulazimisha tendo la ndoa? Amekunyang'anya simu, kitambulisho au hela ili usiweze kutoka?

Ndiyo moja hapo, weka daftari chini. Mambo haya hayapewi muda wa majaribio kama yale tutakayozungumza baadaye, kwa sababu mtu anayepima kama mwenzake ataacha kumpiga anapimia mwili wake mwenyewe. Kukabwa shingo hasa watu hukuchukulia kirahisi kwa kuwa mara nyingi hakuachi alama, wakati ni moja ya dalili zinazojulikana sana za hatari ya kuuawa baadaye. Na kipindi cha kuondoka ndicho chenye hatari kubwa zaidi, kwa hiyo mtu wa hali hii hapaswi kumwonyesha mwenzake orodha, kumtangazia kwamba anafikiria kuondoka, wala kuacha maandishi nyumbani. Anahitaji mpango wa kutoka salama pamoja na mtu anayemwamini. Tanzania kuna Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi, na aliyeumizwa huchukua fomu ya PF3 kituoni hapo. Kenya kuna namba ya bure 1195. Anayeambiwa kwamba mume ana haki ya "kumrudi" mkewe ajue kwamba Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kuwa hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo.

Kama majibu yote ni hapana, tuendelee.

Kuandika matukio

Tuchukue mfano wa kutunga, ila umeshonwa kwa vitambaa vinavyoonekana kila mtaa. Mama Neema ana miaka 31, anauza vitenge. Baba Neema ni fundi wa friji. Wako pamoja miaka sita, wanaishi Tabata, mtoto ana miaka minne. Orodha ya kwanza ya Mama Neema ina mambo haya: hanijali, ana madeni, ananidharau, hataki mtoto wa pili, mama yake anatukalia, mchafu, hasemi anachofikiria.

Hakuna hata kimoja hapo kinachoweza kuamuliwa. "Hanijali" ni hukumu, na hukumu haina tarehe. Kazi ya kwanza ni kugeuza kila hukumu iwe tukio ambalo kamera ingeweza kulinasa: siku gani, nani alifanya nini, ilitokea mara ngapi. Usikimbie, chukua wiki mbili. Kila siku andika dakika kumi, saa ambayo hamjagombana, kwenye daftari la karatasi. Jambo lisilokuwa na tukio hata moja ndani ya miezi sita iliyopita liwekee alama ya kuuliza. Huenda ni kidonda cha zamani kinachouma bila kuguswa tena, nacho kina dawa yake tofauti.

Baada ya wiki mbili, daftari la Mama Neema linasomeka hivi. "Hanijali" imegeuka kuwa: tarehe 4, 9 na 17 amerudi baada ya saa tano usiku bila kupiga simu. "Ana madeni" imekuwa: tarehe 11 nimeona ujumbe wa mkopo wa simu, jumla ya deni shilingi 480,000, ni mara ya tatu ndani ya miezi kumi na minne, na mara mbili za mwanzo alisema hatakopa tena. "Ananidharau" imekuwa: Jumamosi mbele ya vijana wake wa kazi amesema "huyu akili yake ni vitenge tu", wakacheka. "Mchafu" imebaki na taulo kitandani na viatu sebuleni.

Tayari kitu kimeshajitokeza. Kuchelewa kulikokuwa kunaongoza orodha kumepungua uzito, maana siku mbili kati ya tatu alikuwa kwenye kazi ya friji la bucha na vijana wake wanaijua. Sentensi ile ya Jumamosi, ambayo mwanzoni ilikuwa imefichwa katikati ya mengine, ndiyo aliyoandika kwa mkono uliotetemeka.

Safu ni tatu

Wengi hugawa ukurasa mara mbili: yanayovunja upande huu, yanayorekebishika upande ule. Gawa mara tatu. Safu ya kwanza ni msingi: mambo ambayo yakiwa kweli na yakiendelea, huwezi kubaki bila kujipoteza. Safu ya pili ni lipu: tabia zinazoweza kubadilishwa na mtu anayetaka kubadilika. Safu ya tatu watu huisahau. Hiyo ni ya chumba kinachopigwa na jua la jioni: huwezi kugeuza nyumba, lakini unaweza kununua pazia.

John Gottman, mtafiti wa Marekani aliyetumia miaka mingi kuwarekodi wanandoa wakizungumza na kugombana, alikuta kwamba takribani asilimia 69 ya migogoro yao ilikuwa ya aina hii ya tatu. Haiishi. Inatokana na tofauti za haiba na malezi: mmoja anaweka akiba, mwingine anatumia, mmoja anatatua mambo kwa kusema, mwingine kwa kunyamaza, mmoja amezoea nyumba ya wageni wengi, mwingine mlango uliofungwa. Na wanandoa wanaodumu wanayo pia, kwa wingi uleule. Ukiyaweka kwenye safu ya kurekebisha, utasubiri miaka yasirekebishike kisha uite hali hiyo usaliti. Ukiyaweka kwenye safu ya msingi, utamwacha huyu ukakutane na seti nyingine ya mambo yasiyoisha kwa mwingine.

Sasa, jambo linaingia vipi kwenye safu yake? Ukubwa wa maumivu haufai kuwa kipimo, kwa sababu taulo la kitandani linaweza kuuma kuliko deni siku ambayo umechoka. Uliza maswali matatu, kwa mpangilio huu.

La kwanza: je, hiki ni kitu anachofanya, kitu alivyo, au kitu anachotaka maishani? Anachofanya kinaweza kubadilika. Alivyo, kama ukimya au uchangamfu, hakibadiliki sana. Anachotaka, kama watoto, dini, au nchi ya kuishi, kinaweza kubadilika lakini ni chake mwenyewe kukibadili, na hakigawanyiki. Hakuna nusu mtoto.

La pili: je, analikubali kama tatizo lake bila kusukumwa? Neno "samahani" halitoshi kuwa jibu. Sikiliza kinachofuata baada yake. "Samahani, lakini na wewe unanikera" ni kukataa kwenye kanga nzuri. "Nilikopa, nikakuficha kwa sababu niliona aibu" ni kukubali, hata kama inauma zaidi kuisikia.

La tatu: ameshawahi kubadilisha kitu chochote kigumu katika maisha yake na kikadumu zaidi ya miezi sita? Aliacha sigara? Alimaliza mgogoro na ndugu yake? Alijifunza kazi mpya? Swali hili watu hulisahau, wakati mtu ambaye hajawahi kujibadilisha katika lolote hapaswi kuaminiwa kwamba ataanza na jambo gumu kuliko yote, na tena kwa ajili ya mtu mwingine.

Deni la shilingi 480,000 likipasuliwa

Jambo kubwa mara nyingi ni mawili au matatu yaliyofungwa kwenye furushi moja, na kila moja lina safu yake. Chukua deni la Baba Neema. Lipasue.

Ndani yake kuna hela: 480,000. Hilo ni lipu. Akilipa 80,000 kila mwezi, linaisha kwa miezi sita, mradi hakopi tena. Kuna mazoea ya kukopa, pengine ile mikopo mtaa unayoiita kausha damu, kwa sababu kazi ya friji huja kwa msimu na miezi ya baridi hakuna kitu. Hilo nalo ni lipu, na lina dawa inayojulikana: kutenga sehemu ya hela ya miezi ya joto. Kisha kuna kuficha. Mara tatu, miezi kumi na minne, na mara mbili akiwa ameshaahidi. Kuficha ndiko kuko kwenye msingi, maana makubaliano mengine yote ya nyumba hii yatajengwa juu ya neno lake.

Kwa hiyo Mama Neema hapaswi kuandika "madeni" kwenye safu ya msingi. Akiandika hivyo, siku deni likiisha atadhani tatizo limeisha, na akikopa elfu kumi ya dawa ya mtoto kwa uwazi ataiona kama uvunjaji. Anaandika: "mkopo mwingine wa siri, wa kiasi chochote". Mstari huo hauna ubishi. Utavukwa au hautavukwa.

Dharau nayo ipasue. Gottman aliiweka kama dalili kali kuliko zote za ndoa inayokwenda kuvunjika, kali kuliko hata kugombana mara kwa mara, na anayewasikiliza wanandoa kwa muda anajua kwa nini. Mwenye hasira anasema umekosea. Mwenye dharau anasema wewe ni mdogo. Lakini sentensi moja ya Jumamosi haitoshi kumhukumu mtu, hivyo angalia vitu viwili. Anafanya hivyo hata mkiwa wawili, au mbele za watu tu? Ukimwambia imekuumiza, uso wake unafanya nini? Mama Neema akisema jioni, "Baba Neema, lile neno la Jumamosi limeniuma," naye akainamisha kichwa na kusema, "Nilitaka kuwachekesha vijana, nimekosea," hiyo ni lipu. Akizungusha macho na kusema, "Haya, mama wa maumivu, umeanza," ufa umetembea mbele ya macho yake.

Mama mkwe anayekuja na kukaa miezi mitatu anaingia safu ya jua la jioni. Baba Neema ni mtoto wa mwisho, mama ni mjane, na hakuna orodha itakayomfanya aache kuwa mwanawe. Pazia linanunulika hata hivyo: tarehe ya kuja na kuondoka ijulikane kabla ya nauli kutumwa, muda usizidi wiki nne kwa mara moja, na maneno yoyote magumu kwa mama ayafikishe mwanawe, yasipitie kwa mkwe. Akigoma hata hilo la mwisho, tatizo halimhusu tena mama.

Na mtoto wa pili? Hapa ndipo orodha inapokuwa ngumu, kwa kuwa hakuna mkosaji. Kabla ya kuandika "hataki mtoto", pata tofauti kati ya hataki na hataki sasa. Muulize ana kwa ana: ni lini ungekuwa tayari, na nini kinatakiwa kiwepo kwanza? Mwenye "sasa hivi hapana" atataja kitu: deni liishe, tuhame chumba kimoja, Neema aanze shule. Mwenye "hapana" kamili atasema "tutaona", na atasema "tutaona" tena mwakani. Mtu wa miaka 31 anaweza kusubiri jibu lenye tarehe. Jibu lisilo na tarehe alihesabu kama hapana, aamue kwa hapana hiyo, asiamue kwa matumaini.

Kuna pia mambo yanayoonekana ya msingi kwa jina lake tu, ilhali elimu imeyahamisha. Mwenzako kuwa na virusi vya Ukimwi ni mfano: anayetumia dawa vizuri na virusi vikawa havionekani kwenye kipimo haambukizi mwenzake kwa ngono. Kinachobaki kuulizwa ni kama alikwambia. Upande mwingine, wachumba ambao wote wana vinasaba vya selimundu bila kuumwa huona si kitu kwa sababu wote wazima, wakati kila mimba yao ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaa mtoto mgonjwa. Hilo linastahili kujadiliwa kwa utulivu kabla ya mahari, pamoja na daktari.

Ukurasa wa pili ni wako

Orodha ya upande mmoja ni hati ya mashtaka. Geuza ukurasa, andika yako kwa kipimo kilekile: tukio, tarehe, mara ngapi. Mama Neema aliponyamaza siku nne baada ya kuona ule ujumbe wa mkopo, alifanya kitu. Alipomsimulia dada yake kila kitu kabla ya kumuuliza mwenyewe, alifanya kitu kingine, maana sasa hata Baba Neema akibadilika, shemeji yake atakuwa bado anamtazama kwa jicho la siku ile. Haya hayahalalishi mkopo wa siri. Yanasaidia kujua ni sehemu gani ya ufa itazibika ukianza wewe, na hiyo ndiyo sehemu pekee unayoweza kuianza kesho asubuhi bila idhini ya mtu.

Pia tazama lini kila jambo lilianza. Vitu vitatu vinne vikianza pamoja, tafuta kilichotokea wakati huo: kujifungua, msiba, kupoteza kazi, ugonjwa. Mama aliyejifungua miezi mitatu iliyopita na mwili wote umejaa kuchoka na kulia anaweza kuwa na sonona ya uzazi, na mwanaume asiyeongea tangu amzike baba yake huenda hajaacha kupenda. Hapo kwanza ni hospitali, au muda. Orodha iliyoandikwa katikati ya msiba au kitanda cha uzazi iwekwe kabatini.

Miezi mitatu ya penseli

Sasa zungumzeni. Usimkabidhi daftari, na kwa vyovyote usipige picha ukurasa ukautuma kwenye WhatsApp. Chagua mambo mawili, yasizidi matatu, yaliyo muhimu kuliko yote. Chagua wakati mtoto amelala na hakuna aliye na njaa. Kwa Mama Neema ingekuwa hivi: "Baba Neema, nimefikiri sana. Kuna vitu viwili nikiendelea navyo sitaweza kukaa. Mkopo wa siri, na kunidhalilisha mbele ya watu. Nataka tujaribu kwa kweli, tujiwekee muda. Na mimi kuna mawili ya kwangu, niyataje?" Kisha anyamaze. Kishawishi cha kuongeza cha tatu, cha nne na taulo ni kikubwa, na ndicho kinachogeuza mazungumzo kuwa kesi.

Muda wa miezi mitatu una sababu yake. Wiki mbili kila mtu anaweza kuwa malaika, hasa akiogopa kuachwa. Miezi mitatu inapitisha mwisho wa mwezi mara tatu, na kwa kawaida angalau mshtuko mmoja: mgonjwa, ada, gari kuharibika. Tabia inaonekana kwenye mshtuko. Kwa ndoa za muda mrefu nusu mwaka unafaa zaidi. William Doherty wa Chuo Kikuu cha Minnesota, aliyebuni ushauri maalumu kwa wanandoa ambao mmoja anataka kutoka na mwingine anataka kubaki, huwapa njia tatu za kuchagua: kubaki kama walivyo, kuachana, au kujitoa kwa miezi sita ya kurekebisha huku neno talaka likiwekwa kando. Hilo la kuweka talaka kando ni muhimu. Anayetishia kuondoka kila Ijumaa hawezi kupima chochote, kwa kuwa mwenzake anabadilika kwa hofu, na hofu ikiisha mabadiliko yanaisha.

Kila jambo lipewe alama inayoonekana. Kwa deni: kila tarehe 30 wanakaa pamoja, wanafungua taarifa ya miamala kwenye simu zote mbili, yake na ya mkewe, na deni linasomwa. Baada ya miezi mitatu linapaswa kuwa 240,000 au chini. Kwa dharau: haisemwi mbele za watu, na ikiponyoka, inaombewa radhi siku hiyohiyo mbele ya walewale walioisikia. Kikao kisizidi nusu saa.

Tofautisha kuteleza na kurudi. Mwezi wa pili Baba Neema analipa 50,000 badala ya 80,000, anasema mwenyewe kabla ya kuulizwa, anaeleza friji la mteja lilimpa hasara. Ameteleza, alama haijavukwa. Au analipa 80,000 kamili, na wiki mbili baadaye kunagundulika laini nyingine ya simu yenye mkopo wa 30,000. Kwa hesabu za fedha wa pili yuko vizuri zaidi. Kwa daftari hili, ufa umetembea.

Panapoharibikia

Mstari kusogezwa ndiyo ajali ya kwanza. Mkopo wa siri unaonekana, na kalamu inaandika "lakini ulikuwa mdogo". Ndiyo maana mstari uliandikwa ukiwa umetulia, na ndiyo maana uliandikwa "wa kiasi chochote". Ukitaka kuubadilisha, subiri siku saba, halafu uandike sababu. Mara nyingi sababu ikiandikwa inaonekana ilivyo.

Ajali ya pili ni zawadi. Gauni jipya, kuku wa Jumapili, maneno matamu, ukurasa mzima unasahaulika. Zawadi haina safu kwenye daftari. Ipokee, shukuru, subiri tarehe 30.

Ya tatu ni miaka. "Nimeshampa miaka sita" ni hesabu ya hela iliyokwishatumika, haibadilishi kilichopo mbele. Swali linalosaidia ni hili: kama hakuna kitu kitakachobadilika kabisa, nyumba ikabaki kama ilivyo wiki hii, ningekubali kuishi hivi miaka mitano mingine? Wengine wakijiuliza wanashangaa kusikia ndiyo. Hao waifunge orodha, wanunue pazia.

Watoto wanastahili tahadhari yao. "Nakaa kwa ajili ya mtoto" iandikwe kama jambo, nayo ipasuliwe: mtoto anaona nini hasa, mara ngapi, na akilala anasikia nini. Neema wa miaka minne akicheza na mwanasesere kwa kumwambia "akili yako ni vitenge tu", ametoa ushahidi ambao hakuna mzee wa kikao atakayeupata.

Ushauri wa wazee na mashemeji uchukuliwe mwishoni, baada ya alama za mwezi wa tatu, na uombwe kwa mtu mmoja au wawili wenye midomo mizito. Kikao cha ukoo kikiitwa mapema hupima heshima ya koo mbili, na wanandoa wanatoka wamepatana kwa kulazimika, bila jambo lolote kupasuliwa.

Ikiwa ufa umetembea

Kwa wachumba na wapenzi wasioishi pamoja, jambo linaishia kwenye mazungumzo moja mafupi na kurudishiana vitu. Kwa wanaoishi pamoja Tanzania, wajue kwamba waliokaa miaka miwili au zaidi na kutambulika kama mume na mke, sheria inaweza kuwahesabu kuwa wana ndoa kupitia kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa, kwa hiyo friji, kiwanja na matunzo ya mtoto ni mambo ya kuzungumzwa hata kama hapakuwa na harusi.

Kwa wenye ndoa, Sheria ya Ndoa nayo ina orodha yake. Kifungu cha 107 kinataja mambo kama uzinzi, ukatili, kutelekeza na kutengana, lakini yanatajwa kama ushahidi wa jambo moja ambalo mahakama inatafuta: kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Kabla ya kufika mahakamani, kifungu cha 101 kinataka mgogoro upite kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa. Baraza hilo linaweza kuwa la kata au la taasisi ya dini.

Pale barazani, "hanijali" haina pa kushika. Wajumbe watauliza ilikuwa lini, ilitokea mara ngapi, mlikaa lini kulizungumza, na baada ya hapo kilifanyika nini. Mama Neema akifika siku hiyo na daftari lake la tarehe 4, 9, 11 na 17, na kurasa tatu za tarehe 30, atakuwa na la kujibu. Na Baba Neema, akiwa amekaa benchi la upande wa pili, atakuwa ameshazisikia tarehe zote hizo nyumbani.